UZI: Kuoanisha wamepata karibu wote, Kweli/Si kweli wameanguka. Nimekosea wapi?

#1 Mwl_Furaha
Habari zenu wakubwa. Nasimamia marudio ya jioni hapa Nakivale, watoto 41 wa kidato cha kwanza. Wengi wametoka Kivu, wachache Burundi. Mchana shuleni wanasoma historia kwa Kiingereza, jioni tunarudia kwa Kiswahili ili jambo lenyewe liwaingie kwanza. Wiki iliyopita niliwapa karatasi ya ukurasa mmoja, mada ni njia za biashara za kale na ustaarabu wa kale. Sehemu B ya kuoanisha, watoto 33 wamepata 5 kati ya 5. Sehemu A ya Kweli/Si kweli, wastani ni 3 kati ya 6. Watoto walewale, dawati lilelile, saa ileile. Karatasi hii hapa, naomba muichane bila huruma.

SEHEMU A (andika K au S)
1. Chumvi iliyovushwa Sahara ilichimbwa Taghaza. (K)
2. Barabara ya Hariri ilikuwa barabara moja kutoka China hadi Roma. (S)
3. Bigo bya Mugenyi ilijengwa na Wachwezi. (K)
4. Siku zote wafanyabiashara wa pwani walisafiri kwa upepo wa kaskazi. (S)
5. Aksum haikuwa na sarafu zake yenyewe. (S)
6. Miji ya Bonde la Indus ilipangwa vizuri na maandishi yake yamesomwa. (S)

SEHEMU B (oanisha)
1. Yalichimbwa Badakhshan yakafika Mesopotamia na Misri
2. Uliletwa Misri kutoka Punt
3. Ilichimbwa Taghaza ikavushwa Sahara
4. Kilitawala biashara ya dhahabu ya Sofala
5. Alihiji Makka mwaka 1324

a. Mansa Musa  b. chumvi  c. kisiwa cha Kilwa  d. mawe ya lazuli  e. ubani

#2 Kijana_Wandegeya
Wamenakili B. Uzi umeisha, funga.

#3 Dereva_Malaba
Mwalimu, njia za biashara nazijua vizuri, niko barabarani mwaka wa 14. Kama mzigo wako unatoka Mombasa usipite Busia wiki hii, foleni ni ndefu. Pita Malaba, ila hakikisha karatasi za forodha zimetangulia. Ni mzigo gani?

#4 Mama_Opio
@Dereva_Malaba njia za biashara ZA KALE, baba. Mzigo ni ubani na mawe ya lazuli 😂

#5 Dereva_Malaba
Haya, samahani. Nilisoma kichwa cha habari nikiwa kwenye foleni yenyewe.

#6 NgeliTu
Salaam. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiswahili Mbarara. Mwalimu Furaha, B yako imejijibu yenyewe. Funika majina yote ya mahali kwa kidole, usome mwanzo wa kila sentensi tu: YAlichimbwa, ULiletwa, ILIchimbwa, KIlitawala, Alihiji. Sasa tazama orodha ya pili. Kitu gani pale kinachukua "ya"? Mawe, basi. Kinachochukua "u"? Ubani. "I" ni chumvi, "ki" ni kisiwa, "a" ni mtu, na mtu pale ni mmoja tu. Umeweka majibu matano kwenye ngeli tano tofauti. Mtoto asiyejua kama Punt ni nchi au ni aina ya samaki anaondoka na 5/5.

Mwenzako anayetunga kwa Kiingereza hana shida hii. Sisi ndio kitenzi chetu kinamsaliti mtungaji. Nimefanya kosa hili miaka mingi kabla mwanafunzi mmoja hajaniambia hadharani, "Tisha, hii si historia, hii ni sarufi."

#7 Mwl_Furaha
Yesu wangu. Nimesoma mara tatu sasa, ni kweli kabisa. Na nilijisifu jinsi sentensi zilivyotoka safi.

#8 Mutoto_wa_Goma
Mimi napinga kidogo. @NgeliTu unaongea kama kila mtu amezaliwa Tanga. Hawa watoto ni wa kwetu. Kwetu hatusemi "mawe yale yalitoka", tunasema "ile majiwe ilitoka". Mtoto wa Kivu hiyo "ya" na "u" yako hamuambii kitu chochote, ataipita tu. Kwa hiyo ngeli haiwezi kuwa ndiyo imewapa 33. Tafuta sababu ingine.

#9 Babu_Bombo
Na sisi huku Bombo vilevile. Kiswahili cha kambini hakina ngeli zote hizo, kina amri na kina bei. Mutoto_wa_Goma ana hoja.

#10 NgeliTu
@Mutoto_wa_Goma hoja nzuri, naipokea nusu. Kusema na kusikia ni vitu viwili. Mtoto anaweza asiseme "yalichimbwa" lakini amelisikia redioni na kanisani. Hili linapimika. Mwalimu, andika sentensi zilezile tano, majina yote ya mahali yageuze yawe upuuzi, na mwaka uondoe: "Yalichimbwa Pipipi yakafika Kokoko", "Uliletwa Zuzu kutoka Gogo". Orodha ya pili iache ilivyo. Wape wachache ambao hawajaona karatasi. Wakipata, ni sarufi. Wasipopata, mimi nimekosea na nitanunua chai.

#11 Kijana_Wandegeya
Mnapoteza muda. Nimewaambia wamenakili. Na A ni bahati tu: maswali sita, majibu mawili, wastani 3. Hiyo ni kurusha shilingi, ndiyo jibu. Hakuna aliyejua kitu.

#12 MchoraRamani
@Kijana_Wandegeya hesabu yako ina mlango wazi. Wastani wa 3 unaweza kutoka kwa watoto wanaobahatisha kila swali. Unaweza pia kutoka kwa karatasi yenye maswali matatu ambayo wote wanapata na matatu ambayo wote wanakosa. Hali mbili tofauti kabisa, wastani mmoja. Mwalimu Furaha, karatasi bado unazo? Hesabu kwa kila swali, waliopata ni wangapi. Usihesabu kwa mtoto, hesabu kwa swali.

#13 Mwl_Furaha
Nimekaa nazo usiku huu, umeme wa sola umenisaidia. Waliopata kati ya 41:
Swali la 1: 31
Swali la 2: 11
Swali la 3: 24
Swali la 4: 38
Swali la 5: 7
Swali la 6: 12

#14 MchoraRamani
Basi shilingi imekwisha. Shilingi ikirushwa mara 41 haitoi 38, wala haitoi 7. Watoto hawakubahatisha, walikuwa wanafuata kitu. Swali ni kitu gani.

Swali la 4 ni rahisi kulielewa. "Siku zote" limewaambia jibu. Mtoto yeyote aliyewahi kufanya mtihani anajua kwamba sentensi yenye "siku zote", "kila", "pekee" au "kamwe" mara nyingi ni si kweli. Hao 38 huna uhakika hata mmoja wao anajua upepo wowote.

Swali la 6 umefunga mbuzi wawili kamba moja. Miji ya Indus kama Mohenjo-daro na Harappa ilipangwa kweli, mitaa imenyooka, mifereji ya maji machafu imejengwa kwa matofali. Maandishi yake hayajasomwa hadi leo. Mtoto anayejua la kwanza na hajui la pili anaandika K, unampa sifuri, na hujui kwamba nusu alikuwa anaijua. Yatenganishe. Hata hivyo ile ya maandishi nayo iandike kwa uangalifu, maana wapo wataalamu wanaobisha kama zile alama ni maandishi ya lugha au ni nembo tu. "Hadi leo hakuna aliyefanikiwa kuzisoma alama za Bonde la Indus kwa namna iliyokubalika" itasimama upande wowote wa ubishi huo.

#15 Mama_Opio
Na la 5? Saba tu! Hilo ndilo linanishangaza, maana sarafu za Aksum ziko hata kwenye picha za kitabu.

#16 MchoraRamani
La 5 lina kukanusha mara mbili. Aksum ilikuwa na sarafu zake, za dhahabu, fedha na shaba, na mfalme Ezana katika karne ya 4 aliweka msalaba juu yake baada ya kuwa Mkristo. Mtoto anajua hayo. Sasa anasoma "haikuwa na", inabidi aseme "si kweli kwamba haikuwa na". Kichwani mwa mtoto wa miaka 14 hizo "si" na "ha" zinagongana. Andika tu "Aksum ilitengeneza sarafu zake yenyewe", jibu liwe K.

#17 Mutoto_wa_Goma
Au tena hawakujua "sarafu" ni nini! Kwetu tunasema feza, tunasema franga. Mimi mwenyewe neno sarafu nimelikuta huku Uganda kwenye kitabu. Mtoto asipojua neno, ataandika K sababu mwalimu ndiye ameandika, na mwalimu hasemi uongo.

#18 NgeliTu
Hiyo ya mwisho ni ya kweli hata Tanzania. Mtoto akiwa hajui, mkono unakwenda K. Na karatasi ya Mwalimu ina K mbili na S nne, kwa hiyo kila aliyekwama ameadhibiwa. Tazama ya 2: sentensi inasikika kama ya kitabuni, 30 wameandika K.

#19 Dereva_Malaba
Naomba niingie tena, safari hii nimesoma. Hiyo ya 2 wamekosa kwa sababu inaitwa BARABARA. Ukiniambia Barabara ya Jinja nitafikiri lami moja inayofika Jinja. Lakini mzigo haukwenda hivyo hata siku moja, na leo hauendi hivyo. Mimi natoa kontena Mombasa, nalishusha Kampala. Mwingine analipeleka Elegu, mwingine Msudani analimalizia Juba. Mwenye duka Juba hajawahi kuniona. Hao wa hariri nao lazima walikuwa hivyo, hakuna dereva wa kutoka China na ngamia wake mpaka Roma.

#20 MchoraRamani
@Dereva_Malaba umesema vizuri kuliko vitabu vingi. Ilikuwa mtandao wa njia, na hariri ilibadilishwa mikono mara nyingi, Wasogdia na Waparthi wakiwa katikati na kila mmoja akiongeza faida yake. Hata jina si la kale. Mjerumani Ferdinand von Richthofen ndiye aliyelieneza mwaka 1877. Waliokuwa wakipita pale hawakuiita hivyo.

Mwalimu, badala ya sentensi yako andika: "Wafanyabiashara wengi wa Barabara ya Hariri walisafiri kipande cha njia tu, kisha wakauza mzigo kwa wengine." Jibu K. Hapo jina haliwezi kumpa jibu, itabidi ajue mzigo ulivyokwenda.

#21 Mlamu_Kampala
Kuhusu ya 4. Tuseme ukweli, huyo kaskazi ameonewa. Neno lenyewe linawachanganya watoto na "kaskazini".

#22 Kijana_Wandegeya
Kaskazi si ule upepo unaosukuma majahazi kutoka Mombasa kwenda Uarabuni? Kwa hiyo swali ni sawa tu.

#23 Mlamu_Kampala
Umegeuza jahazi, ndugu yangu. Upepo unaitwa kwa unakotoka. Kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, kama Desemba mpaka Machi, nao ndio ulioleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi huku pwani. Kurudi ni kwa kusi, unaoanza kama Aprili. Na kusi nao una hasira zake, Juni na Julai bahari huchafuka, wazee hawakuwa wakitweka tanga ovyo. Ndiyo maana mgeni alikaa pwani miezi, akaoa, akazaa, na sisi tuko hapa tunabishana.

Swali zuri lingekuwa: "Jahazi lililotaka kutoka Kilwa kwenda Uarabuni lilisubiri kusi." K. Hapo mtoto lazima ajue upepo unatoka wapi. Kuona "siku zote" hakutamsaidia.

#24 Kijana_Wandegeya
Sawa mzee, nimeelewa. Lakini wamenakili.

#25 Babu_Bombo
Mimi nimeshangaa hakuna aliyegusa ya 3. Mwalimu anasema Bigo ilijengwa na Wachwezi, jibu K. Nani kamwambia?

#26 Mtoto_wa_Katonga
Kila mtu huku anajua, Babu. Mimi ni wa Sembabule, Bigo iko kwetu kabisa kwenye mto Katonga. Mahandaki yale ni ya Wachwezi, babu yangu aliambiwa na babu yake. Sasa mnataka mzungu atuambie?

#27 MchoraRamani
Hapa pole pole, maana pana mambo mawili. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore yanasema Wachwezi, na masimulizi ni ushahidi, simdharau babu wa mtu. Waliochimba pale, akina Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, walikuta mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakijumlishwa, vyungu, na mifupa ya ng'ombe. Chungu hakina jina la mwenye chungu. Udongo unaweza kukupa umri, hauwezi kukupa "Mchwezi".

Kwa hiyo ukiandika K, mwanafunzi makini aliyesoma zaidi atakosa. Ukiandika S, umemwita babu wa Katonga muongo. Swali likikufikisha hapo si swali la Kweli/Si kweli tena. Ama ulitoe, ama umtaje msemaji: "Masimulizi ya Bunyoro na Nkore huihusisha Bigo na Wachwezi." Hiyo ni K na hakuna wa kuipinga.

#28 Mtoto_wa_Katonga
Hiyo "huihusisha" ni neno la mwanasheria. Sijaridhika, lakini naona unakoelekea.

#29 Babu_Bombo
Mimi pia sijaridhika, kwa upande mwingine. Mtoto wa Goma anajua nini kuhusu masimulizi ya Nkore? 24 kati ya 41, hiyo ndiyo shilingi kweli sasa, Kijana apewe hiyo moja.

#30 Kijana_Wandegeya
Asante Babu 🙏

#31 Mtoto_wa_Katonga
Mkitaka biashara ya kale ya Uganda yenye ushahidi wa kushika mkononi, nendeni Ntusi, jirani na Bigo. Pale pametoka shanga za kioo, na kioo hicho hakikutengenezwa huku, kilipanda kutoka pwani. Hilo liandikeni swali, mimi nitanyamaza.

#32 Mama_Opio
Nimerudi na matokeo ya upuuzi! Ule mtihani wa Pipipi na Kokoko wa #10. Mwanangu wa darasa la sita hapa Tororo, Kiswahili chake cha sokoni, kapata 2: alihiji na kisiwa. Mpwa wangu aliyekulia Mombasa kapata 5, kwa dakika moja, kisha akaniuliza Pipipi iko nchi gani.

#33 Mwl_Furaha
Na mimi nimejaribu kwa watoto wanane wa kundi jingine. Watano wa Kivu wamepata 2 au 3 kila mmoja. Watatu ni Warundi waliosoma miaka kadhaa kambini Kigoma kabla ya kuja huku, hao wote 5.

#34 NgeliTu
Haya, chai nitanunua nusu kikombe. Kwa waliosomea Tanzania ngeli imevuja yote. Kwa wa Kivu imevuja kidogo.

#35 Mutoto_wa_Goma
Nilisema! Lakini basi hao 33 walipataje 5? Warundi kwenye darasa si 33.

#36 MchoraRamani
Nadhani ni kwa kuondoa. Orodha zake ni tano kwa tano. Mtoto anapata "alihiji" bure, kwa kuwa mtu ni mmoja. Anapata kisiwa bure. Taghaza anaijua kwa sababu ameisoma Sehemu A swali la 1, palepale juu, "chumvi... ilichimbwa Taghaza". Mwalimu, ulimpa jibu kwenye ukurasa uleule! Yamebaki mawe na ubani kwa Badakhshan na Punt. "Yalichimbwa" na ubani haviendi, ubani hauchimbwi. Tano kwa tano, na kati ya hayo ni moja tu alilolijua kwa historia, tena kwa kulisoma dakika mbili zilizopita.

#37 Kijana_Wandegeya
Au wamenakili. Sijasikia hoja ya kunipinga.

#38 Mwl_Furaha
Kusema kweli wanakaa wanne dawati moja, @Kijana_Wandegeya, siwezi kuapa.

#39 Mwl_wa_Zamani
Nimefuatilia kimya. Jambo dogo: mtaala mpya ulioanza 2020 unataka mtoto apewe hali halisi, aeleze, atatue. Mtihani wa kidato cha nne tangu 2024 uko hivyo. Hizi K na S zitamsaidia nini?

#40 Mwl_Furaha
Mwalimu wangu, watoto 41, chaki moja, jioni saa moja na nusu. Hawezi kunieleza hali ya msafara wa Sahara kama hajui ngamia alibeba nini. Hii ni ya kukumbuka tu, si ya kumhukumu mtu. Ila nimeongeza mstari kwenye karatasi mpya: ukiandika S, andika chini sentensi iliyo sahihi. Hapo hata anayebahatisha ananionyesha anachofikiri.

Kuoanisha nimekuandika upya. Upande wa kushoto nimeacha mahali tu, hakuna kitenzi, hakuna ngeli ya kuvuja. Kulia ni bidhaa tu, wala hamna mtu wala kisiwa.

Taghaza / Badakhshan / Kibiro / Sofala / Punt

chumvi, dhahabu, hariri, karafuu, mawe ya lazuli, ubani

Jibu moja laweza kutumika zaidi ya mara moja. Chumvi ni Taghaza na Kibiro. Hariri na karafuu ni vipotoshi.

#41 Mlamu_Kampala
Karafuu ni kipotoshi kitamu, kitawanasa wote wanaofikiri Zanzibar ilizaliwa na mikarafuu. Kumbe imepandwa kule karne ya 19 tu.

#42 MchoraRamani
Nzuri zaidi sana. Tatizo moja: Punt. Kwenye kuta za hekalu la Hatshepsut pale Deir el-Bahri, karne ya 15 KK, waliorudi wameleta miti ya uvumba na mizizi yake, ndiyo, lakini pia dhahabu, mpingo, pembe za ndovu na nyani. Mtoto atakayeandika Punt, dhahabu, yuko sahihi na wewe utamkata. Kabla ya kuchapa, chukua kila mahali upande wa kushoto uulize kila bidhaa ya kulia: "je, na hii yaweza kuwa jibu?" Mahali matano kwa bidhaa sita ni maswali 30. Ukinywa chai moja umemaliza.

#43 Dereva_Malaba
Punt ndiyo wapi hasa?

#44 Kijana_Wandegeya
Karamoja. Uvumba tunao, nyani tunao, dhahabu tunayo.

#45 MchoraRamani
😂 Hapana. Waliopima maiti za nyani waliokaushwa Misri wanaelekeza pembe ya Afrika, upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Mahali hasa bado wanabishana, kwa hiyo nalo usiliulize kwa K na S.

#46 Kijana_Wandegeya
Wakibishana basi Karamoja bado iko kwenye mchezo.

#47 Mama_Opio
Nina swali la kusahihisha. Kwenye karatasi ya zamani, wapo waliopata 4 kati ya 5 kwenye kuoanisha?

#48 Mwl_Furaha
Wanne.

#49 Mama_Opio
Haiwezekani! Tano kwa tano, ukikosa moja, herufi yake umeipeleka kwingine, kwa hiyo unakosa mbili. Mtu anapata 5 au 3 kushuka, hapati 4.

#50 Mwl_Furaha
Nimeangalia. Wote wanne wameandika "e" mara mbili. Sikuwaambia kama inaruhusiwa au hairuhusiwi.

#51 NgeliTu
Na wanne hao wanakaa dawati moja?

#52 Mwl_Furaha
...Watatu.

#53 Kijana_Wandegeya
🕺🏾🕺🏾🕺🏾

#54 Mwl_Furaha
Sherehekea. Ila watatu si 33. Nimeondoa dhahabu upande wa kulia na Sofala upande wa kushoto, ili Punt ibaki na ubani peke yake. Ijumaa nawapa, nitawatenganisha wawili wawili, wengine watakaa nje chini ya mwembe. Nitaleta hesabu ya kila swali.

#55 Mtoto_wa_Katonga
Ntusi umeiweka?

#56 Mwl_Furaha
Nimeiweka, Sehemu A: "Shanga za kioo zilizopatikana Ntusi zinaonyesha kwamba bidhaa za pwani zilifika bara." K.

#57 Babu_Bombo
Ni ndefu kuliko zote. Mtoto mjanja akiona sentensi ndefu imejielezaeleza hivyo anajua ni K. Ifupishe, au refusha na za uongo.

#58 Mwl_Furaha
Babu, wewe uliwahi kufundisha?

#59 Babu_Bombo
Niliwahi kufanya mitihani mingi bila kusoma.

#60 Dereva_Malaba
Mwalimu, hiyo Kibiro ni ile ya ziwani, unaposhuka mteremko kutoka upande wa Hoima? Nimewahi kuwaona kina mama wanakwangua udongo, wanauchuja maji, wanachemsha. Sikujua ni ya kale, nilidhani ni mradi.

#61 Mtoto_wa_Katonga
Ni hiyohiyo, na ni ya kale kuliko lami yako kwa mamia ya miaka. Ukipita tena nunua, mletee Mwalimu Furaha awaonyeshe watoto.

#62 Dereva_Malaba
Njia yangu haipiti Nakivale. Nitampa wa Mbarara, naye atampa mwingine.